Bega la Kushoto

Mimi nina wivu, na nasema mapema ili mtu asije akanisema pembeni. Sina wivu wa nyumba za watu wala wa nguo za watu, maana nguo nashona mwenyewe. Wivu wangu ni wa mtu mmoja tu, na mtu huyo tunamwita Kalamu.

Kalamu ni bibi mzaa baba wa mjukuu wangu. Mimi ni bibi mzaa mama. Jina hilo alilipata kwenye kiwanda cha nguo tulikofanya kazi, enzi za ujana wetu, kwa sababu alikuwa anachomeka penseli kwenye nywele hata siku za mapumziko. Yeye alikuwa meza ya kukata. Mimi nilikuwa mstari wa kushona, cherehani ya karibu na mlango, pale penye vumbi. Watu wa kukata walitembea na rula zao ndefu kama wanakwenda gwaride, na sisi tunaletewa vipande: haya, unganisheni. Nguo ikitoka nzuri, sifa za mkataji. Ikitoka mbaya, mshonaji alikuwa anasinzia. Halafu Mungu naye ana utani wake: mwana wa Kalamu akampenda binti yangu, wakaoana, tukawa wakwe.

Mtoto wao nimemlea mimi. Wazazi wake kazi zao ziko mbali, wanakuja na kuondoka, lakini huyu binti kaota meno kwangu, kaumwa surua kwangu, kajifunza kusoma chini ya meza yangu ya kazi huku akiokota pini. Mpaka leo namwita mke mwenza na yeye ananiita bi mkubwa, na tukianza kutaniana majirani wanafunga madirisha. Kwa Kalamu alikuwa hajawahi kulala hata usiku mmoja, mpaka mwaka huu, alipokwenda kumwonyesha mchumba wake. Alikaa wiki nzima. Wiki hiyo chakula hakikunipita kooni, na sikumwambia mtu.

Aliporudi, baada ya muda mfupi, kikaja kifurushi. Ndani yake satini nzito, rangi ya maziwa, kitambaa cha gauni la harusi. Kimetoka kwa Kalamu. Nikakipapasa, nikakivuta kuona kama kina udanganyifu, nikakikunja na kukifungua. Kilikuwa kizuri, hasara gani hiyo! Nikajifariji: haidhuru, atoe kitambaa, gauni litakuwa langu.

Basi alasiri moja niko kwenye cherehani natia zipu suruali ya mwalimu, mjukuu akaingia na simu mkononi, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Bi mkubwa, una kazi nyingi?"

Mtu wa nyumbani akikuuliza hivyo, jua ana jambo. "Sema."

"Bibi kule amenichorea gauni. Vidole vyake vimekakamaa, mkasi haushiki tena. Amechora ramani ya kukatia kwenye karatasi, jirani yake akaipiga picha. Anasema wewe ndiye ushone."

Nikaacha kukanyaga pedali. "Anasema?"

"Anaomba."

"Huyo hajui kuomba. Yeye achore, mimi nishone! Tumeota mvi, tumepata mjukuu mmoja, na bado mimi ni mstari wa kushona? Mwambie gauni la mjukuu wangu nalijua mimi, sihitaji ramani ya mtu. Nakata kwa jicho na futi, na hujawahi kwenda uchi."

Huyu mtoto akikasirika hapigi kelele, na hiyo ndiyo silaha yake. Alichukua ile satini, akaikunja polepole, akaiweka kwenye mfuko.

"Unaipeleka wapi?"

"Kwa yule fundi wa kona. Atashona kwa ramani."

"Yule aliyeshona kola ya shati nyuma mbele?"

"Bibi, hilo gauni nimelipenda. Nataka bibi zangu wote wawili wawe ndani yake. Ukikataa wewe, sina la kufanya."

Nyie! Niliona picha yote: mke mwenza wangu anaolewa na vazi la Kalamu lililoshonwa na fundi wa kona, na mimi nimekaa kwenye kiti cha wageni napiga makofi. Kitambaa chenyewe kimeletwa cha kutosha gauni moja tu, ukikosea hakuna kingine. Nikamnyang'anya ule mfuko.

"Lete hiyo simu," nikasema. "Tuone kama bado anajua kuchora."

Nisikilizeni, picha ilikuwa vituko. Karatasi ya kaki imetandazwa sakafuni, kwenye vigae vya mraba, na aliyepiga kasimama upande wa chini akaelekeza simu mbele. Vigae vya karibu vikubwa, vya mbali vidogo. Ramani yenyewe ikawa pana chini, nyembamba juu, kama gauni la mtu mwenye kichwa cha kuku. Juu yake mistari, mishale, pembetatu, nukta, misalaba, na kwenye kona mraba mdogo ulioandikwa sm 10.

"Hii haikatiki," nikasema, na nilikuwa na furaha kidogo. "Ukipanua picha hii ukaikata, utavaa hema."

"Tusiipanue," mjukuu akasema. "Tutumie vigae. Kigae ni mraba wa kweli, hata kama kwenye picha kimepinda. Angalia, ule mraba wake wa sentimita kumi uko ndani ya kigae kimoja, na upande wake unaingia mara tatu kwenye upande wa kigae hicho. Kwa hiyo kigae ni sentimita thelathini."

Sikupenda kwamba ana akili wakati ule.

Tukaondoa vitu mezani, tukaunganisha karatasi za kaki kwa gundi, na yeye akachora miraba ya sentimita thelathini, kisha akaigawa kila mmoja vipande vidogo. Kazi ikawa hivi: yeye anatazama kwenye simu mstari wa ramani unakata kigae wapi, anasema, "kigae cha pili, ukingo wa juu, theluthi moja kutoka kushoto," na mimi naweka nukta kwenye mraba wetu, mahali palepale. Ya mbali ikarudi kuwa kubwa, ya karibu ikarudi kuwa ndogo. Nukta zikajaa. Lakini nukta si nguo. Alipotaka kuziunganisha kwa rula pale kwenye tundu la mkono, nikampiga kikumbo.

"Toka hapa! Kwapa halina kona. Usione vyaelea, vimeundwa." Nikachukua penseli, nikaupitisha mstari uliopinda kwa mkono mmoja bila kuinua, kutoka begani, ukaingia ndani kifuani, ukazama chini ya kwapa. Akapiga mluzi. Niliona raha, siwezi kuficha.

Kisha zikaja zile pembetatu. Yeye alizijua kwa jina tu, dati, lakini hakujua zinasemaje. Nikamweleza kama nilivyoelezwa mimi zamani. Kitambaa ni bapa, mwanamke si bapa. Kwa hiyo unabana kitambaa pale pasipo na mwili, ubavuni na kiunoni, na ncha ya mbano inaelekea pale penye mwili, kifuani. Miguu miwili ya dati lazima iwe na urefu sawa, maana inashonwa mmoja juu ya mwingine. Tukaipima kwa futi. Dati ya ubavuni mguu mmoja ulizidi kidogo, tukarudi kwenye picha, kumbe nukta moja tuliiweka mraba usio wake. Tukasahihisha.

"Na hii nukta na huu msalaba? Uchafu?"

"Uchafu wa Kalamu huo! Nukta ni ncha ya kifua chenyewe. Msalaba ndio mwisho wa mshono. Unaishia kabla ya kifua, vidole viwili hivi. Ukishona mpaka kwenye nukta, kifua kinakuwa na pembe ya mbuzi."

Akacheka mpaka akalalia meza. Kisha akanionyesha pale dati inapotokea ubavuni, mstari wa ukingo umechomoza nje kama paa la kibanda. Akadhani mkono wa mchoraji uliteleza. Nikaikunja dati ile kwenye karatasi, nikailaza chini, na lile paa likalala sawasawa na mstari wa ubavu. Hapo nikapima ubavu wa mbele, dati ikiwa imefungwa, na ubavu wa nyuma. Sawa kabisa. Yule mwanamke alikuwa bado anajua kuchora. Roho iliniuma.

Kwenye mishale tukagombana. Mshale kwenye ramani ni mstari wa uzi: unakwambia uzi wa mtande, ule unaokwenda sambamba na ukingo wa kitambaa, upite wapi. Mshale wa kipande cha kifua ulisimama wima katikati, hauna neno. Lakini mshale wa sketi ulilala upande.

"Picha imepinda," nikasema. "Sketi tunaisimamisha wima, na kipande cha nyuma tunakigeuza kichwa chini, kitambaa kinabaki."

"Hapana bibi. Picha ikipinda, mshale na vigae vinapinda pamoja, kwa hiyo tunaupima kwa kigae chake. Tazama, unatoka pembe ya kigae mpaka pembe iliyo mkabala, kamili. Hiyo ni nusu ya pembe ya mraba. Ameukusudia."

Mshazari! Kalamu alitaka sketi ikatwe mshazari, ili satini ivutike na kumwagika mwilini badala ya kusimama. Na mshale ule ulikuwa na kichwa kimoja tu, kwa chini, yaani vipande vyote vielekee upande mmoja, kwa sababu satini ina mng'ao, ukigeuza kipande kimoja juu chini kitaonekana rangi nyingine kwenye mwanga. Mimi ndiye niliyelijua hilo la kichwa kimoja, na nilikuwa karibu kulimeza makusudi. Nikalisema. Nikalisema kwa kununa, lakini nikalisema.

Ndipo nikaona jambo lililonifanya nicheke peke yangu.

Kwa kawaida mchoraji anachora nusu ya kifua, unaiweka kwenye mkunjo wa kitambaa, ukikata unapata mbele nzima. Kalamu alichora mbele nzima, kulia na kushoto. Nilidhani ni mbwembwe zake. Lakini tulipomaliza kuunganisha nukta, bega la kushoto lilikuwa chini ya bega la kulia. Sentimita moja na nusu, mwishoni, karibu na mkono. Kwapa la kushoto limeshuka kiasi hichohicho. Hata nukta ya kifua upande huo iko chini kidogo. Na nyuma vilevile.

"Kalamu kazeeka!" nikapiga kofi. "Mkono unatetemeka! Pande za mbele haziko sawa, ona! Mkataji mzima, malkia wa meza, kachora nguo ya mtu aliyebeba ndoo!"

"Labda ni picha."

"Vigae vyako vinasemaje?"

Akarudia kupima, kigae kwa kigae. Vigae vilisema ni kweli. Mstari wa vigae ulipita chini ya bega la kulia kwa nafasi moja, na chini ya bega la kushoto kwa nafasi nyingine. Kosa halikuwa la picha. Lilikuwa la Kalamu, na mimi nilikuwa na furaha ambayo mtu wa umri wangu angepaswa kuionea haya. Nikakunja karatasi katikati, nikaufuata upande wa kulia, nikakata pande zote mbili sawa.

"Sasa ndiyo ramani," nikasema. "Fimbo ya mbali haiui nyoka."

Lakini mimi si mwendawazimu wa kutia mkasi kwenye satini moja kwa moja. Tulichukua shuka kuukuu, tukakata kifua na mgongo, nikashona dati na mabega kwa mishono mirefu ya kufumuka upesi. Nikamvalisha. Akasimama mbele ya kioo, anaongea, anaongea, habari za mchumba na viatu vyake vinavyobana, na mimi nazunguka na pini mdomoni.

Upande wa kulia ukakaa kama ngozi. Upande wa kushoto kukawa na mkunjo, unatoka shingoni na kuburura mpaka kwapani. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Ukabana mshono wa bega la kushoto, pale mwishoni, ukatia pini. Mkunjo ukatoweka. Yeye bado anasimulia viatu.

Akanyamaza. "Bibi, umebana wapi?"

"Wapi nini?"

"Umebana bega. La kushoto." Akachukua futi, akapima ile nguo niliyoibana, mbele na nyuma. "Sentimita moja na nusu."

Nikaketi. Yeye akaenda chumbani kwake, akarudi amekumbatia nguo: gauni la bluu, blauzi ya shule, koti la mvua nililomshonea akiwa bado ana mapengo. Akazigeuza nje ndani, moja baada ya nyingine. Kila bega la kushoto mshono umeingia ndani zaidi. Zote. Sikuwahi kukaa nikafikiri kwamba mtoto huyu ana bega lililoshuka. Kichwa hakijui, mkono unajua.

Ilipasa nifurahi. Badala yake wivu ulinipanda kichwani, maana nilifikiri hivi: mimi nimelijua bega hili kwa miaka yote ya kumshonea. Kalamu kalijua kwa wiki moja? Haiwezekani! Bega kama hilo halionekani kwa kupima mara moja.

"Umekwenda kwake mara ngapi?" nikamuuliza.

"Mara moja. Unajua."

"Usinidanganye! Mtu hachori hivi kwa mara moja. Unakwenda kwake kwa siri, unanificha. Safari zako za kazini, kumbe ndizo hizo! Anakupima, anakulisha, na mimi nakaa hapa nakupigia pasi sare!"

Macho yake yakajaa. "Bibi, unaniita mwongo kwa sababu ya bega?" Akazifumua pini, akalitoa lile shuka mwilini, akaliweka mezani juu ya ramani. "Mpigie simu mwenyewe. Mimi hili gauni silitaki tena. Nitaolewa na sare."

Akaingia chumbani, akafunga mlango. Nilijua nimevuka mpaka. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, nimelisema hilo maisha yangu yote, lakini huyu nilikuwa namliza bila kosa, na harusi ikiwa mlangoni. Nikachukua simu yake iliyobaki mezani. Nikampigia Kalamu. Sijawahi kumpigia, tangu tuwe wakwe.

"Mkwe," nikasema, bila salamu, "umelijuaje bega la mtoto?"

Nikasikia anakohoa. "Umeliona, basi. Nilikuwa nasubiri upige."

"Nimekuuliza."

"Nilimpima, mkwe. Nilimpima mara tatu, kwa futi yangu ileile. Mabega sawa sawia. Nikachora nusu, kwenye mkunjo, kama tulivyozoea. Kisha alipoondoka nikakuta blauzi yake kamba ya kuanikia, kaisahau. Nikaigeuza, unajua tabia yangu, lazima nione mshono wa mtu. Bega la kushoto limebanwa. Nikasema, huyu mwenzangu miaka yote hakosei mshono, leo kakosea? Nikaifumua."

"Umefumua nguo yangu?"

"Nimeifumua, nimeipima, nimekaa nayo. Nikagundua. Kwangu mtoto anasimama kama mgeni. Nikija na futi anajikaza, kifua mbele, mabega juu, 'ndiyo bibi, asante bibi'. Hakulegea hata siku moja. Kwako analegea. Bega hilo linashuka akiwa nyumbani tu. Mimi sijaliona kwa macho yangu, mkwe. Nimelichora kutoka kwenye mshono wako."

Akaendelea, na sauti yake ikawa ndogo. "Nimekuonea wivu mimi, weee. Nilikuonea tangu kiwandani, maana mimi nilikuwa naona vipande tu, wewe ndiye uliyekuwa unaona nguo ikisimama. Na sasa hili la mtoto. Nilichora mbele nzima ili ulione, nikijua ungedhani nimekosea."

"Nilidhani umezeeka," nikasema.

"Nimezeeka. Hilo ni lingine."

Tukacheka, kila mtu kwa upande wake, kidogo. Nikakata simu nikaenda kugonga mlango wa chumba. Nikamwomba mjukuu wangu radhi, nikiwa nimesimama, bila kuzungusha maneno, na nikamwambia yote niliyoambiwa. Alifungua mlango nusu. "Kwa hiyo ramani ni yenu nyote?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, na neno hilo lilinitoka kwa shida.

Tukarudi kwenye ramani ya kwanza, ile yenye bega lililoshuka. Nilikuwa nimeikata, kwa hiyo tukachora upya kutoka kwenye nukta, naye akanitajia vigae kwa sauti ya mtu aliyesamehe. Tukatandaza satini, tukapima kutoka kwenye ukingo wa kitambaa mpaka ncha ya juu ya mshale wa kifua, na kutoka ukingo mpaka ncha ya chini, mpaka namba zikafanana, ndipo tukajua umesimama sambamba na uzi. Sketi tukailaza mshazari, vichwa vyote upande mmoja. Kisha nikakata. Niliposhona sketi, niliiacha ining'inie siku nzima kabla ya kukunja pindo, maana mshazari unavutika chini kwa uzito wake, na ukiuwahi, pindo linakuja kuwa mawimbi.

Siku ya kulijaribu, gauni lilimwagika. Sijui neno lingine. Bega la kushoto halikuwa na mkunjo, na pembe ya mbuzi haikuwepo.

Kalamu hakuweza kusafiri, magoti. Aliomba kitu kimoja: picha. Mjukuu aliposikia picha ni ya bibi wa kule, akajikaza palepale. Kifua mbele, mabega juu, tabasamu la studio. Bega la kushoto likapanda, na satini ikakaza ikatoa mkunjo pale shingoni. Nikapiga hivyo hivyo. Nikaitazama. Gauni halikukaa vizuri, lakini mtoto alikuwa mgeni, mgeni wa Kalamu, kama alivyokuwa siku zote. Nawaambia kweli, nilitaka kuituma hiyo. Niliipenda.

"Bibi, imetoka?"

"Haijatoka. Niambie tena habari za vile viatu."

Akaanza. Vinabana kidole kidogo, mchumba kasema vitalegea, muuzaji muongo, na kadiri alivyosema mkono ukaanguka, shingo ikalala, bega likashuka mahali pake. Gauni likamfuata. Nikapiga. Hii ndiyo sura yake ninayoiona mimi kila siku, ya jikoni na ya mezani, ambayo hakuna mtu mwingine aliyekuwa nayo.

Nikaituma kwa Kalamu. Ilipokwenda, kwa wivu nikatamani kuivuta nyuma. Nikakaa pale na simu mkononi nikisubiri aione.